Mchoro wa chai wenye hatua tisa: lini kitenzi kiwe cha kutendwa, na mfuatano ushikwe na nini

Mchoro ninaoutumia mara nyingi darasani hapa Nairobi ni wa chai nyeusi. Una visanduku tisa vilivyounganishwa kwa mishale. Mtu anachuma majani shambani, mizani inaonekana kwenye kituo cha kununulia, lori linaelekea kiwandani, kuna kitanda kirefu cha wavu chenye feni chini yake, pameandikwa saa 14, kuna rola mbili zenye meno, kuna sakafu ambapo vipande vya majani vimetandazwa, dakika 90, na rangi inatoka kijani hadi ya shaba, kuna kikaushio, unyevu asilimia 3, kuna chekecheke, na mwisho magunia ya karatasi. Pembeni kuna picha ya kuni na boila, na mshale mmoja unaotoka hapo kwenda kwenye kikaushio.

Wengi wanaokuja na michoro ya namna hii wanajiandaa kwa mtihani wa IELTS wa kitaaluma, ambao sehemu ya kwanza ya uandishi humtaka mtahiniwa aeleze alichokiona kwenye mchoro kwa maneno yasiyopungua 150, na hushauriwa atumie takriban dakika 20. Huko jibu huandikwa kwa Kiingereza. Lakini mimi huwaomba waandike kwanza kwa Kiswahili, kwa sababu uamuzi mgumu unafanyika kabla ya lugha yoyote: nani anafanya nini kwenye kila mshale, na je, kuna haja ya kumtaja? Kiswahili hulazimisha uamuzi huo uonekane kwenye mwisho wa kitenzi. Ukikosea, kosa linakaa wazi mbele yako.

Hii hapa aya ya mwanafunzi mmoja, muuguzi, kama alivyoiandika mara ya kwanza:

"Kwanza wakulima wanachuma majani. Kisha wanaweka kwenye kikapu. Kisha majani yanapelekwa kituoni. Kisha wanapima. Kisha lori linabeba mpaka kiwandani. Halafu yananyaushwa, ikakatwa na mashine. Kisha yanabadilishwa rangi. Baada ya kukausha unapungua mpaka asilimia 3. Kisha wanachekecha na hatimaye wanafunga."

Hatua zote zipo na mpangilio wake ni sahihi. Hata hivyo msomaji anachoka haraka, na sababu ya kwanza ni kwamba karibu kila sentensi ina mwenyewe mwingine, yaani kiima kingine. Wakulima, halafu majani, halafu "wao" wasiojulikana, halafu lori, halafu majani tena, halafu kitu fulani chenye "i-", halafu unyevu ambao haukutajwa. Mchoro wenyewe unafuata jambo moja tu kutoka kisanduku hadi kisanduku, nalo ni jani la chai. Hapo ndipo kauli ya kutendwa inapopata kazi yake. Kiambishi -w- kinaliacha jani likae mbele ya sentensi, hata pale linapofanyiwa kazi na watu tofauti na mashine tofauti. Majani huchumwa, hupimwa, husafirishwa, hukatwa. Mchumaji, karani wa mizani na dereva hawana la kutuambia katika mchoro huu, kwa hiyo wanaweza kuondoka bila sentensi kuvunjika.

Si kwamba "lori hubeba majani" ni kosa. Ni sentensi safi kabisa. Tatizo lake ni kwamba inamhamishia msomaji macho kwenye lori, na sentensi inayofuata italazimika kumrudisha kwenye majani. Katika aya ya maneno 150, kuhama na kurudi mara sita ni gharama kubwa.

Sasa tufike mahali wengi wanapoteleza. Wanafunzi wakishaambiwa watumie kauli ya kutendwa, huipaka kila mahali. Ndiyo maana muuguzi wetu aliandika "yanabadilishwa rangi". Ukimuuliza anayebadilisha rangi ni nani, hana jibu, kwa sababu hakuna. Majani yakishakatwa, vimeng'enya vilivyo ndani yake hukutana na oksijeni ya hewani, na rangi inageuka yenyewe kutoka kijani kwenda ya shaba; hiyo ndiyo hatua ya kuchachusha. Mfanyakazi anatandaza, anasubiri na anakagua, lakini hashiki brashi ya rangi. Kitenzi kinachosema ukweli hapo ni "hubadilika".

Kwa hiyo kwenye kila mshale mimi huwataka waulize swali moja: je, kuna mkono au mashine inayolifanyia jani jambo hili, au jambo linatokea ndani ya jani lenyewe? Mkono au mashine ikiwepo, chukua -w-. Ikiwa jambo linatokea lenyewe, chukua kitenzi cha kutendeka au kile cha kawaida kisichohitaji mtendwa. Kiswahili kina jozi zilizo tayari kwa kazi hii: nyausha na nyauka, kausha na kauka, badilisha na badilika, punguza na pungua, geuza na geuka. Kutoka upande wa kwanza wa jozi utapata nyaushwa, kaushwa, badilishwa, punguzwa, geuzwa. Upande wa pili unabaki ulivyo.

Ugumu, na utamu wake pia, uko kwenye hatua ambazo zina vyote viwili. Tazama kitanda cha kunyaushia. Feni inapuliza hewa kutoka chini kwa saa 14. Hiyo ni kazi ya kiwanda. Jani nalo linapoteza maji na kulegea. Hilo ni tukio la jani. Ukisema "majani hunyaushwa kwa saa 14" unaeleza kazi. Ukisema "majani hunyauka" unaeleza matokeo. Zote mbili ni kweli, na mwandishi mzuri huzitumia zote: kazi wakati hatua inaendelea, matokeo wakati hatua imekwisha na tunavuka kwenda nyingine. "Majani hunyaushwa kwa saa 14. Majani yaliyonyauka hupitishwa kati ya rola mbili." Hapo msomaji ameambiwa kilichofanywa na kilichopatikana, bila neno la ziada.

Unyevu unahitaji uangalifu wa aina hiyohiyo. Katika "unyevu hupungua hadi asilimia 3", namba ni matokeo yanayosomwa kwenye mchoro. "Unyevu hupunguzwa hadi asilimia 3" inasema kwamba kiwanda kinakusudia kufika hapo na kinasimamisha kazi kikifika. Kwenye kikaushio cha chai, ya pili inafaa zaidi, maana chai hukaushwa kwa makusudi mpaka ifike karibu asilimia 3 ili isiharibike ghalani. Kama mchoro ungeonyesha mahindi yaliyoanikwa juani bila kipimo, ningechagua ya kwanza.

Mtenda akibaki wa lazima, Kiswahili kinatofautisha "na" na "kwa", na tofauti hiyo wengi wetu tunaizungumza vizuri lakini tunaisahau tukishika kalamu. "Na" humtaja anayefanya: majani hukaguliwa na msimamizi. "Kwa" hutaja kinachotumika: majani huchumwa kwa mkono, husafirishwa kwa lori, hukatwa kwa rola zenye meno. Mashine inayofanya kazi yenyewe inaweza kuchukua "na", kwa hiyo "hukatwa na mashine" haina ubaya kisarufi. Lakini "na" pia huunganisha, na katika maelezo ya mchoro vitenzi vinaunganishwa kila mara: hupimwa na kupakiwa, hukatwa na kusagwa. Ukijaza "na" za aina zote mbili katika sentensi moja, msomaji atalazimika kurudi nyuma kuichambua. Mimi hupendelea "kwa" kwa kila kifaa, na "na" ya mtenda huiacha kwa watu tu, tena pale ambapo mchoro wenyewe umemchora mtu na kazi yake ina maana.

Kuna jambo jingine ambalo ni la Kiswahili hasa. Maelezo ya mchoro huandikwa kwa hali ya mazoea, yaani "hu-", kwa sababu mchoro hausimulii siku moja. Unasema jinsi kazi inavyokwenda kila siku. Lakini "hu-" haibebi kiambishi cha ngeli. "Hukatwa" inaweza kuwa majani, kuni, karatasi au mtu. Mradi mwenye sentensi ni mmoja, hakuna shida. Shida inaanza nomino ya pili ikiingia. Soma hii: "Majani huwekwa kwenye vitanda vyenye feni, kisha husafishwa." Je, kinachosafishwa ni majani, vitanda au feni? Ungeandika "kisha yanasafishwa" au "kisha vinasafishwa", kiambishi kingejibu papo hapo. Kwa hiyo kila unapotaja kitu kipya kati ya vitenzi viwili, ama rudia nomino ("majani hayo husafishwa"), ama tumia "-na-" kwa kitenzi hicho kimoja. Kurudia nomino ni bora, kwa sababu kuchanganya hu- na -na- katika aya moja bila sababu kunaifanya ionekane haijatulia. Na ikiwa unahitaji kukanusha, kumbuka kwamba hu- haina ukanusho wake: "majani hayakatwi kabla ya kunyauka", na hapo ngeli inarudi yenyewe.

Muuguzi wetu aliandika "yananyaushwa, ikakatwa". Kuna makosa mawili hapo. La kwanza ni ngeli: majani ni "ya-". La pili ni "-ka-". Kiambishi hiki kinapanga matukio moja baada ya jingine, kwa hiyo kinavutia sana mtu anayetafuta mfuatano. Makao yake ya kawaida lakini ni hadithi ya jambo lililokwisha kupita: tulifika kiwandani, tukapewa makoti meupe, tukaonyeshwa rola. Ukikitia katikati ya maelezo ya kazi ya kila siku, ghafla msomaji anahisi anasimuliwa majani ya jana.

Hapo tumeshafika kwenye maneno ya mfuatano, na "kisha" sita katika aya moja. Kwanza, kisha, halafu, baadaye, mwishowe: orodha hii kila mtu anaijua. Udhaifu wake ni kwamba maneno haya yanasema tu kwamba hatua B iko baada ya hatua A. Mshale wenyewe umeshasema hivyo. Hayaelezi kama B inasubiri A iishe, kama inafuata mara moja, au kama B inatumia kile kilichotoka A. Na hayo ndiyo mambo ambayo msomaji asiyeuona mchoro anayahitaji.

Kiswahili kina njia tatu za kubeba mfuatano ndani ya kitenzi, na zote zinapatana vizuri na kauli ya kutendwa. Ya kwanza ni "-kisha-": majani yakishapimwa, hupakiwa kwenye lori. Hii inasema kwamba mlango wa hatua ya pili haufunguki kabla ya ile ya kwanza kukamilika. Ya pili ni kirejeshi cha "-li-": majani yaliyonyauka, vipande vilivyokatwa, chai iliyokaushwa. Hii inachukua matokeo ya kisanduku kilichotangulia na kuyafanya kuwa mwenye sentensi inayofuata, na kwa maoni yangu ndiyo kiungo chenye nguvu kuliko vyote, kwa sababu inaonyesha pia jinsi kitu kinavyobadilika jina njiani. Kinachoingia kwenye rola ni majani. Kinachotoka ni vipande. Kinachotoka kwenye kikaushio ni chai. Anayeendelea kuandika "majani" mpaka kwenye gunia hajauona mchoro vizuri.

Ya tatu ni "baada ya" na kitenzi-jina, na ndiyo yenye mtego. "Baada ya kukausha, chai huchekechwa." Aliyekausha ni nani? Sentensi kuu inaye mmoja tu, chai, kwa hiyo kwa muundo chai ndiyo iliyokausha, na haisemwi imekausha nini. Kitenzi-jina lazima kifuate kauli ya kitenzi kikuu: baada ya kukaushwa, chai huchekechwa. Kosa hili ni dogo kwa macho, herufi moja tu, lakini ndilo ninalolisahihisha mara nyingi kuliko jingine lolote. Njia ya kulikamata ni kuchukua mwenye sentensi kuu na kumweka mbele ya kitenzi-jina: chai inakausha, au chai inakaushwa? Sikio litakuambia.

"Hatimaye" nayo itumike kwa kiasi. Ina harufu ya jambo lililosubiriwa au lililofikiwa kwa taabu. Kufunga magunia hakujasubiriwa na mtu. Ni hatua ya tisa tu. "Mwishowe" inatosha.

Imebaki boila ya pembeni. Mshale wake hauko kwenye mstari mkuu, na wengi huushughulikia kwa "wakati huohuo": majani yanachachushwa, wakati huohuo kuni huchomwa. Mchoro haujasema hivyo. Umesema tu kwamba mvuke unaingia kwenye kikaushio. Boila huenda inawaka tangu alfajiri. "Wakati huohuo" ni dai la saa, na lisiandikwe isipokuwa mchoro umeweka saa au umechora njia mbili zinazoanza mahali pamoja. Tawi la pembeni litajwe pale linapokutana na mstari mkuu, na kirejeshi kinalimaliza kwa sentensi moja: hewa ya kikaushio hupashwa moto kwa mvuke unaotoka kwenye boila ya kuni.

Aya ya muuguzi, baada ya kuandikwa upya tukiwa naye, ilikaa hivi:

"Mchoro unaonyesha jinsi majani mabichi yanavyogeuzwa kuwa chai nyeusi. Kazi hiyo ina hatua tisa, tatu nje ya kiwanda na sita ndani yake, na moja kati ya hizo inategemea joto la boila ya kuni.

Majani huchumwa kwa mkono na kupelekwa kwenye kituo cha kununulia, ambako hupimwa. Yakishapimwa, husafirishwa kwa lori hadi kiwandani.

Kiwandani, majani hutandazwa kwenye vitanda vya wavu na kunyaushwa kwa hewa ya feni kwa muda wa saa 14. Majani yaliyonyauka hupitishwa kati ya rola mbili zenye meno na kukatwa vipande vidogo. Vipande hivyo hutandazwa sakafuni na kuachwa kwa dakika 90, na katika muda huo rangi yake hubadilika kutoka kijani hadi ya shaba. Baada ya kuchachushwa, vipande huingizwa kwenye kikaushio, ambacho hewa yake hupashwa moto kwa mvuke unaotoka kwenye boila ya kuni. Hapo unyevu hupunguzwa hadi asilimia 3. Chai iliyokaushwa huchekechwa ili itenganishwe kwa ukubwa wa chembe, na mwishowe hufungwa kwenye magunia ya karatasi."

Angalia kwamba neno "kisha" halipo hata mara moja, na "kwanza" pia halipo, lakini hakuna anayeweza kuchanganya hatua ya nne na ya tano. Angalia pia kwamba vitenzi havikuwa vya kutendwa vyote. "Hubadilika", "yaliyonyauka" na "unaotoka" vimebaki upande wa kutendeka au wa kawaida kwa sababu ndivyo mambo yalivyo. Aya ya kwanza imeshika picha nzima, idadi ya hatua na mahali zinapofanyika, na katika IELTS maelezo hayo ya jumla yanatarajiwa na hupewa uzito katika upimaji.

Aya hii ikivushwa kwenda Kiingereza, sehemu kubwa ya uamuzi imeshafanyika, lakini mambo mawili yanabadilika. Kiingereza hutumia wakati uliopo wa kawaida mahali pa hu-, na hilo halisumbui. Linalosumbua ni kwamba katika Kiingereza vitenzi vingi vya michoro hii havina jozi: kitenzi kilekile hutumika kwa kukausha na kukauka, kunyausha na kunyauka, kubadilisha na kubadilika. Umbo la neno halitakuonya tena. Ndiyo maana nawataka waweke rasimu ya Kiswahili pembeni wakati wa mazoezi na kupiga mstari chini ya kila -w-. Kila palipo na mstari, sentensi ya Kiingereza itakuwa ya kutendwa. Kila pasipo na mstari, iachwe ilivyo. Siku ya mtihani hakuna muda wa rasimu mbili, kwa hiyo wengi hugeukia njia fupi: wanaweka alama ndogo ya penseli kwenye kila mshale wa mchoro, "w" kwa kinachofanywa na mkono au mashine, na mstari mtupu kwa kinachotokea chenyewe, kabla hawajaandika sentensi ya kwanza.